Roboti ya huduma kwa wateja: kuipa haiba moja bila kuigeuza kasuku

Swali: Kampuni yetu husafirisha vifurushi kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma na Mwanza, na tumeweka roboti ya kujibu wateja kwenye WhatsApp. Tumeipa jina la Zawadi na kuielekeza iwe mchangamfu, yenye huruma na heshima. Sasa kila jibu linaanza na "Pole sana mpendwa mteja" na kuishia na "Je, kuna kitu kingine ninachoweza kukusaidia?" Tukiyakataza maneno hayo, inakuwa kavu kama risiti. Tumepandisha `temperature` lakini hakuna kilichobadilika. Tufanyeje?

Jibu: Kwanza rudisheni `temperature` ilipokuwa. Kipimo hicho huamua tu modeli, yaani programu ya lugha inayoandika majibu ya roboti, iwe na uhuru kiasi gani wa kuchagua neno lisilotarajiwa sana kila inapoandika neno linalofuata. Hakina habari kwamba mteja aliyepita naye aliambiwa "Pole sana", kwa sababu kila mazungumzo huanza upya. Mkizidi kukipandisha, kitakachoharibika mapema ni Kiswahili chenyewe: mtaanza kuona "mzigo yako" na "vifurushi zimefika" kabla hamjaona uchangamfu wowote ulioongezeka. Kwa sababu hiyo hiyo msikimbilie `frequency_penalty`. Nayo huadhibu maneno, na hata vipande vya maneno, vilivyokwisha kujitokeza katika maandishi yanayoandikwa, kwa hiyo inaweza kuifanya roboti ikwepe "mzigo" na "Mwanza", maneno ambayo mteja anayahitaji, huku ufunguzi ule ule ukibaki katika mazungumzo ya mteja anayefuata.

Chanzo kiko kwenye sifa mlizoipa. Modeli ikiambiwa kuwa ni yenye huruma, inalazimika kuionyesha huruma hiyo mahali fulani katika kila jibu, hata pale mteja anapouliza tu ofisi inafungwa saa ngapi, na njia rahisi kuliko zote ni kubandika sentensi ya huruma mwanzoni na ya ukarimu mwishoni. Sentensi zenyewe inazitoa katika lugha ya vituo vya huduma iliyosomea, ambayo kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza, na ndiyo maana mnasoma mambo kama "ninaelewa jinsi hali hii inavyoweza kukatisha tamaa", sentensi ambayo sijamsikia karani yeyote wa stendi akimwambia mtu. Mkiikataza bila kuipa roboti kitu kingine cha kufanya, mnabaki na ukavu mliouona.

Badala ya sifa, andikeni maamuzi. Mtu mwenye haiba yake hutambulikana kwa yale anayoyasema kwanza, yale anayoyaacha, namna anavyokubali kosa na namna anavyokata mazungumzo. Maelekezo ya mfumo ya Zawadi yanaweza kuwa mafupi kama haya:

```
Wewe ni Zawadi, roboti ya dawati la vifurushi.
Sentensi ya kwanza ijibu swali: mzigo uko wapi, au nini kinafuata.
Mteja akitaja msiba, anza na pole.
Kitaje kilichotumwa kama mteja alivyokitaja.
Kosa likiwa letu, liseme wazi: "tuliuacha Dodoma",
si "kumetokea changamoto".
Tumia "mimi" kwa unachofanya sasa, "sisi" kwa kampuni.
Usimwite mteja "mpendwa", "mama" wala "kaka".
Mteja akiandika kwa ufupi, jibu kwa ufupi.
Uliza swali pale tu unapohitaji taarifa. Jibu likiisha, ishia hapo.
```

Hakuna neno "mchangamfu" humo. Tazameni sasa yanavyofanya kazi. Tuseme mteja ameandika: "Nimetuma dawa za mama Jumatatu leo Alhamisi hazijafika Mwanza, mnacheza na watu?" Kwa maelekezo yenu ya sasa atajibiwa hivi:

"Pole sana mpendwa mteja! Ninaelewa jinsi hali hii inavyoweza kukatisha tamaa. Mzigo wako uko njiani na tunalifanyia kazi suala lako kwa haraka. Je, kuna kitu kingine ninachoweza kukusaidia?"

Kwa maelekezo mapya, na kumbukumbu za mzigo zikiwa mbele ya modeli, lengo ni jibu la namna hii:

"Dawa bado ziko Dodoma. Zilishushwa Jumanne na hatukuzipakia tena. Kosa ni letu. Zinaondoka leo saa mbili usiku na zitakuwa ofisi ya Mwanza kesho asubuhi. Kama mama hana dozi ya leo, niambie nikuunganishe sasa na mhudumu wa Mwanza, muone namna ya kumpatia nyingine."

Jibu la pili halina "pole" hata moja, na sidhani kama mteja ataitafuta. Huruma yake imo katika kusema "dawa" badala ya "mzigo", katika kukubali kosa bila kujizungusha, na katika kumkumbuka mama ambaye huenda leo hana dozi. Lakini angalieni vilevile kwamba jibu hilo lisingeandikika kama roboti isingepewa kituo ambacho mzigo upo, siku uliposhushwa, gari linalofuata na sababu ya kuchelewa. Roboti isiyo na taarifa haina la kusema isipokuwa pole, nayo itaisema bila kuchoka. Kabla ya kuhariri neno lolote la haiba, hakikisheni kumbukumbu hizo zinafika kwenye modeli pamoja na ujumbe wa mteja. Katika miradi niliyoikagua, hapo ndipo penye tatizo mara nyingi kuliko kwenye maelekezo.

Msielewe kwamba "pole" ni adui. Mteja anayesema kwamba kifurushi kilikuwa cha msiba lazima apewe pole, tena kabla ya jambo lingine lolote, na roboti itakayoruka moja kwa moja kwenye ratiba ya gari itakuwa imekosa adabu. Neno hilo lina uzito likitamkwa linapostahili, mara moja.

Baada ya maelekezo, wekeni mifano ya mazungumzo, sita hadi minane, kwa sababu modeli huiga umbo la mifano kwa nguvu kuliko inavyotii maelezo. Hapa ndipo haiba hujengwa kweli, na hapa ndipo urudiaji huzaliwa upya pasipo mtu kujua. Mkiandika mifano minane ambayo kila mmoja una sentensi tatu, mtapata majibu ya sentensi tatu milele. Mifano mitano ikianza na jina la mteja, kila mteja ataitwa jina. Kwa hiyo itofautisheni kwa makusudi: mteja mwenye hasira, mteja anayeshukuru, anayeandika "mambo" peke yake, anayeomba kitu ambacho kampuni haifanyi, anayeuliza swali la pili katikati ya jibu. Mmoja uwe mkavu kabisa, swali likiwa "umefika?" na jibu likiwa "Umefika, uko kaunta ya Mwanza tangu saa nne asubuhi." Modeli inahitaji kuona kwamba Zawadi anaruhusiwa kujibu hivyo na bado akabaki Zawadi.

Katika mifano hiyo amueni pia suala la salamu, maana lisipoamuliwa, modeli itajiamulia kila siku kivyake. Mimi huishauri roboti isianze na "shikamoo", kwa kuwa haijui umri wa anayeiandikia, wala isiitikie "marahaba", maana mashine haina umri wa kuamkiwa. Mteja akiamkia, "Nashukuru, karibu" inatosha, kisha kazi iendelee.

Kuna chanzo cha tatu cha urudiaji, na hiki huonekana tu mazungumzo yanaporefuka. Kila zamu modeli husomeshwa mazungumzo yote yaliyotangulia, yakiwemo majibu yake yenyewe, na ikiona imeanza mara tatu kwa "Asante kwa kuwasiliana nasi", inaichukulia hiyo kuwa ndiyo desturi na kuanza hivyo mara ya nne. Maelekezo yaliyo juu kabisa huzidiwa na mfano huo wa karibu. Dawa yake ni kuiachia programu yenu inayoiendesha roboti ikumbuke yale yaliyokwisha kusemwa, kisha iyapeleke kwa modeli kama mstari mfupi karibu na ujumbe wa mwisho wa mteja:

```python
hali = []
if zamu > 1:
    hali.append("Salamu imekwisha kutolewa; ingia kwenye jibu.")
if re.search(r"\bpole(ni)?\b", majibu_yaliyopita, re.I):
    hali.append("Pole imekwisha kusemwa; usiirudie.")
```

Alama za `\b` zisisahaulike, la sivyo "polepole" itahesabiwa kuwa pole. Mstari huo husaidia pia haiba isiyeyuke: mteja akiandika kwa ukali kwa zamu kumi, modeli huanza ama kunyenyekea kupita kiasi au kujibu kwa ukali ule ule, na ukumbusho wa sentensi moja karibu na mwisho huirudisha kwenye mstari kuliko kurefusha maelekezo ya juu.

Mpaka mmoja wa haiba usivukwe. Zawadi asidai amekwenda ghalani kuangalia, wala kwamba amelala vibaya kwa ajili ya mzigo wa mtu. Akiulizwa kama ni binadamu, aseme ni roboti na ataje namna ya kumpata mhudumu. Mteja akigundua mwenyewe, hata majibu yaliyokuwa ya kweli atayatilia shaka.

Kujua kama mmefanikiwa, msisome majibu mawili matatu na kuridhika; urudiaji hauonekani kwa jibu moja moja. Chukueni majibu kama mia moja ya wateja tofauti, ondoeni majina na namba zao, kila jibu liwe mstari mmoja katika faili, kisha hesabuni maneno manne ya kwanza:

```
cut -d' ' -f1-4 majibu.txt | sort | uniq -c | sort -rn | head
```

Ufunguzi mmoja ukitokea mara thelathini, tafuteni umeingilia wapi. Kwa kawaida mtaukuta neno kwa neno katika mfano mmojawapo. Halafu futeni sentensi ya kwanza na ya mwisho ya majibu kadhaa. Lile linalobaki na taarifa zake zote lilikuwa limevishwa mapambo ambayo mteja hakuyahitaji.

Kipimo cha uthabiti ni tofauti. Andikeni swali lile lile kwa hali tano, yaani kwa upole, kwa hasira, kwa ufupi, kwa lugha ya mtaani na kwa maelezo marefu, kisha mpeni majibu hayo matano mfanyakazi wa dawati ambaye hakushiriki kuitengeneza roboti, mkiyachanganya na majibu ya wahudumu wengine. Akiweza kuyatoa matano ya Zawadi ingawa urefu wake haulingani, haiba ipo. Hifadhini maswali hayo, kwa sababu siku mtakapohamia modeli nyingine au toleo jipya la hii mliyonayo, maelekezo yale yale yatatoa sauti tofauti, na mtalazimika kuipima upya mifano yenu kabla ya kuwafungulia wateja.