Akiba ya tahadhari: kwa nini 12 haizidishwi kwa 9

Swali: Najiandaa na mtihani wa bodi ya ununuzi na ugavi. Duka la vipuri Kariakoo linauza filta za oili 40 kwa siku, mkengeuko sanifu 12. Mzigo huchukua siku 9, uhakika 95%. Nimezidisha 12 kwa 9 na kwa 1.65 ya uhakika huo, nikajumlisha na 360, nikapata kiwango cha kuagizia 539. Kitabu kinasema 420. Nimekosea wapi?

Jibu: Ile 360, yaani 40 mara 9, iko sawa. Umeteleza kwenye akiba ya tahadhari. Ukizidisha 12 kwa 9, umekubali kwamba siku zote tisa mauzo yatapanda kwa pamoja. Kariakoo haiendi hivyo. Leo fundi wa gereji anabeba nyingi, kesho Jangwani imejaa maji na wateja hawavuki. Siku moja inaifidia nyingine, kwa hiyo tunajumlisha miraba ya mkengeuko, kisha tunatoa kipeuo cha pili:

```
12 × √9 = 36
1.65 × 36 = 59.4 → 60
360 + 60 = 420
```

Kumbuka kupandisha hadi 60. Ukishusha, uhakika unapungua chini ya 95%. Na hii inafaa tu pale mauzo ya siku moja hayategemei ya jana. Mteja mmoja akichukua mfululizo wiki nzima, 60 hazitatosha.

Sasa mtego ambao watahini wanaupenda: wanaongeza kasentensi kwamba muda wa mzigo nao una mkengeuko wa siku 2. Wengi wanakaruka. Siku 2 za kuchelewa ni filta 80 (40 mara 2), kubwa kuliko ile 36 yote. Usijumlishe 36 na 80 moja kwa moja. Jumlisha miraba yake:

```
√(36² + 80²) = √7696 ≈ 87.7
1.65 × 87.7 ≈ 145
360 + 145 = 505
```

Akiba imeruka kutoka 60 hadi 145 bila mteja hata mmoja kuongezeka. Ndiyo maana mimi nikikuta stoo inaishiwa mara kwa mara, naanza na tarehe za kupokea mzigo kabla sijagusa takwimu za mauzo.

Hizo siku 9 pia uzisome vizuri. Mzigo ukinunuliwa kwa CIF Dar es Salaam, muuzaji analipa nauli ya meli na bima hadi bandarini. Forodha na lori la kufikisha Kariakoo ni juu yako, na siku zake zinahesabika. Swali likisema “siku 9 hadi bandarini, siku 4 za kutoa mzigo na kuufikisha stoo”, muda wako ni 13, na ile √9 inageuka √13.