Faharasa ya kupinda kwa mwanga, n, kushuka kwenye mstari wa sodiamu

"Mbona n inashuka ndani ya mstari wa sodiamu na kwingine inapanda, ukitoka mawimbi marefu kwenda mafupi?"

Funga kufuli kwa kamba, shika juu uyumbishe. Polepole, kufuli inafuata mkono. Haraka sana, inaenda kinyume. Katikati, ile spidi yake yenyewe, inachelewa robo mzunguko na hapo ndo inakula nguvu yako yote, huko ndiko kunyonya. Elektroni ndani ya atomi iko hivyo hivyo, mwanga ndio mkono. Sasa chukua mvuke wa sodiamu, mstari wa 589.0 nm pekee: upande wa mawimbi marefu kidogo elektroni inafuata, n iko juu ya 1, ukivuka upande wa mafupi imegeuka, n iko chini ya 1, kwa hivyo lazima ishuke mle katikati.

Aliyejibu hapo juu yangu amesema kunyonya ndio kunashusha n, ni nusu tu, vyote viwili vinatoka kwa kule kuchelewa.

Na wewe wa Nakuru uliyeona n ikipanda tu, prizimu ya maabara yenu haina kasoro, mistari ya glasi iko urujuanimno, kwa mwanga tunaoona utapata tu kupanda.

— Sawa, lakini n chini ya 1 si inapita spidi ya mwanga?

Vilele vya wimbi ndivyo vinapita, ishara haipiti.