Kichomozi cha wimbi mraba

"Nimejumlisha harmoniki za Fourier za wimbi mraba mpaka ya 99, bado pembeni kuna kichomozi. Koefisienti zangu zina kosa?"

Hapana mkuu, ziko sawa. Kwa wimbi la +1 na −1, koefisienti ya sini ya harmoniki ya n ni bₙ = 4/(nπ) kwa n witiri tu; za shufwa ni sifuri kwa kuwa nusu ya pili ya wimbi ni kinyume cha ya kwanza. Pima katikati ya nusu ya kwanza: n=1 inatoa 1.273, ya 3 inashusha hadi 0.849, ya 5 inapandisha hadi 1.103, na kuendelea hivyo kuikaribia 1. Ukingoni, wimbi linaporuka kati ya −1 na +1, ni habari nyingine. Kichomozi kinabaki karibu 1.18 hata uongeze ngapi. Kinakuwa chembamba tu na kuusogelea mruko.