Ukuta umenyooka, watu wamenenepa: kwa mnaoanza kuhariri picha za pamoja

Wadogo zangu, nimeletewa tena picha ya pamoja ambayo nguzo zote zimenyooka mpaka ukiziwekea rula hazikosi hata kidogo, halafu mama aliyesimama mwisho kushoto ametoka na mabega ya mnyanyua vyuma. Aliyeihariri ni kijana mzuri, ana jicho, na ameikalia kazi hiyo usiku kucha. Ndiyo maana naandika. Juhudi ipo, ila inapelekwa pasipo, na nimeona vijana wengi wakipita njia hiyohiyo.

1. Tambua kwanza kilichoharibika.

Usifungue Transform ya Lightroom kabla hujawatazama watu wawili tu: wa mwisho kushoto na wa mwisho kulia. Wote wawili wakiegemea nje, vichwa vinakimbilia kingo na miguu imejikusanya ndani, basi kamera iliinamishwa chini. Hiyo ndiyo hali ya kawaida, maana mpiga picha anasimama na kamera usawa wa macho, anataka viatu viingie, anainamisha lenzi. Wakiegemea ndani, kamera ilielekezwa juu. Wote wakilalia upande mmoja, kamera ilipinda mkononi, na hapo unazungusha tu. Nguzo ikiwa imebinuka katikati, hilo ni la lenzi yenyewe, na Enable Profile Corrections inalimaliza kabla hujagusa kingine.

Sasa kuna tatizo ambalo halimo katika hayo yote, na ndilo linalowatesa. Mtu wa pembeni amesimama wima kabisa, hajalala popote, lakini uso wake ni mpana na kiuno si chake. Hiyo haitokani na kuinamisha kamera. Lenzi pana ya kawaida imetengenezwa ili mstari ulionyooka ubaki umenyooka, na gharama yake ni kwamba kitu cha mviringo kinavutika kadiri kinavyoikaribia kingo. Ukuta uliokabili kamera ni bapa, kwa hiyo hauonyeshi dalili yoyote. Kichwa ni mviringo, kwa hiyo kinaonyesha. Kwenye kamera ya fremu kamili na lenzi ya mm 24, kichwa kilicho ukingoni kabisa kinatoka na upana mara 1.25 ya unavyopaswa kuwa. Kwa mm 35 ni kama 1.12, kwa mm 50 ni 1.06 na hakuna atakayegundua. Kwa mm 16 ni 1.5.

Shikeni hilo, kwa sababu zana za kunyoosha zinatibu kuegemea. Unene wa pembeni hazitibu, na mara nyingine ndizo zinazouzidisha.

2. Acheni kubonyeza Full.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu picha ya yule mama iliharibikia hapa. Nilimwomba kijana anipe faili ghafi tukaifungua pamoja. Watu kumi na wanane, safu mbili, nyuma yao jengo lenye nguzo na ngazi ndefu za mlalo. Lenzi mm 24, kamera usawa wa macho, imeinamishwa kiasi. Mpiga picha hakusimama katikati ya jengo hasa. Alikuwa amesogea upande, kwa hiyo ngazi zilionekana zikipanda kidogo kuelekea upande mmoja. Kwenye faili ghafi mama alikuwa mnene kidogo, kama mtu yeyote wa ukingoni kwenye mm 24. Si la kutisha.

Kijana akabonyeza Full kwenye Upright. Programu ikafanya ilichoombwa: ikatafuta mistari ya wima na ya mlalo, ikainyoosha yote. Ngazi zikalala sawasawa, nguzo zikasimama, naye akafurahi. Nikamwambia, usitazame ngazi, tazama watu. Akanyamaza, kisha akasema, "Kaka, mbona wa kushoto wamekuwa wakubwa kuliko wa kulia?"

Hilo ndilo swali. Ukinyoosha mistari ya mlalo ya jengo lililopigwa kwa pembeni, ni sawa na kuigeuza kamera baada ya picha kupigwa, ili ilikabili jengo uso kwa uso. Katikati ya lenzi, pale ambapo hakuna kinachovutika, panahama. Kwenye mm 24, ukingo uko nyuzi 37 kutoka katikati. Programu ikigeuza nyuzi 8, ukingo mmoja unakwenda nyuzi 45 na mwingine unarudi 29. Kichwa cha nyuzi 29 kimevutika mara 1.14, cha nyuzi 45 mara 1.41. Yule mama alikuwa upande wa 45. Wa upande wa pili alipungua hata kuliko alivyokuwa kwenye faili ghafi, na ndiyo maana safu nzima ilionekana kama inamfuata mtazamaji upande mmoja.

Kijana alipoona mama amevimba, akashika slaida ya Aspect akaivuta ili picha nzima iwe nyembamba. Mama akapona nusu, na watu wa katikati, ambao hawakuwa na kosa lolote, wakarefuka nyuso. Akajaribu kusawazisha kwa Horizontal, na kazi ya Full ikaanza kufumuka. Alipochoka ndipo akanitumia. Hakukosa bidii hata kidogo. Alikuwa anatibu kitu cha pembeni kwa dawa inayogusa fremu nzima.

Ngazi zinazopanda kidogo hazimsumbui mtu anayejitafuta kwenye picha. Ziacheni.

3. Nyoosheni wima tu, na msichore mstari juu ya mtu.

Kwenye picha ile tulirudisha Upright kuwa Off, tukawasha profaili ya lenzi, tukaingia Guided. Inahitaji mistari miwili na inakubali hadi minne, lakini hapa miwili inatosha: mmoja kwenye nguzo ya kushoto, mwingine kwenye nguzo ya kulia, mbali na katikati kadiri inavyowezekana. Ukifika kwenye mistari ya mlalo, mkono utulie.

Msichore kwenye mwili. Mtu anasimama kwa mguu mmoja, anainamisha shingo, anamwegemea jirani, na hayo yote ni ya kwake. Ukiwa uwanjani pasipo jengo, tumia slaida ya Vertical ukiwatazama wale wawili wa mwisho kwa pamoja: mmoja akilala peke yake ni mkao wake, wakilala wote wawili kwa kupishana ni kamera.

Constrain Crop izimwe kwa sasa. Pembe tupu zitatokea, na ni sawa, kukropu ni mwisho. Hatua inayofuata inategemea katikati ya lenzi kubaki katikati ya faili, na ukikropu upande mmoja mapema umeipoteza.

4. Kubana pembeni.

Kuna programu zinazofanya kazi hii kwa slaida. DxO ViewPoint inayo, chini ya Volume Deformation, na kwa safu ya watu waliosimama chagueni ile ya mlalo na wima kabla ya ile ya diagonali. Hugin, ambayo ni ya bure, inaweza kuipeleka picha kwenye makadirio ya Cylindrical: vichwa vinarudi mviringo, lakini wa pembeni wanakuwa wafupi pia na ngazi zinapinda. Kwa safu iliyosimama mstari mmoja, mimi napendelea kubana upana peke yake, kwa sababu urefu wao tayari uko sawa.

Kwa mkono, kwenye Photoshop, tulifanya hivi. Faili lina upana wa pikseli 6000, kwa hiyo kila upande una 3000 kutoka katikati. Pikseli 1500 za ndani hatukuzigusa, kule kuvutika hakuonekani. Tukachagua kuanzia 1500 hadi ukingoni, Ctrl+T, nukta ya rejea kwenye ukingo wa ndani, mnyororo kati ya W na H ukafunguliwa, W ikawa 92%. Kisha kuanzia takriban theluthi ya sehemu hiyo hadi ukingoni, W 95%. Kisha theluthi ya mwisho, W 94%. Kila mbano unabeba ule wa kabla yake, kwa hiyo mtu wa mwisho kabisa anafika kama 82% ya upana wake wa awali, na unapoteza pikseli zipatazo 190 kila upande. Hizo ni namba za mm 24, kwa 35 mtabana karibu nusu ya hapo.

Mkato upite kwenye nafasi kati ya mtu na mtu. Mkato ukipita begani, mkono mmoja wa mtu utakuwa mwembamba kuliko mwingine, na mwenyewe ataona kabla yako. Watu wakiwa wamekumbatiana na hakuna nafasi, sogeza mkato hadi upite kwenye nguo isiyo na michirizi. Mistari ya mshazari nyuma yao itavunjika kidogo pale kwenye mkato, hivyo ikague kwa 100%.

Utajuaje umebana vya kutosha? Usikisie. Tafuta picha nyingine ya siku hiyo ambayo mtu huyohuyo yuko karibu na katikati, ziweke nyuso mbili sambamba, linganisha upana wa uso na urefu wake. Yule mama tulimpata kwenye picha ya watu wanne. Tukaona tumembana mno kidogo, tukarudisha 94 ya mwisho kuwa 96.

Mtauliza viatu. Kamera ikiwa usawa wa macho na wima ikishanyooshwa, vichwa viko karibu na mstari wa upeo, kwa hiyo vimevutika kwa upana tu na mbano huu unavimaliza. Viatu viko mbali chini ya mstari huo, vimevutika kwa mshazari, na vitabaki virefu kidogo kuelekea pembe. Waliokaa chini mbele, kwenye pembe za fremu, wana shida hiyohiyo usoni. Hao ni wa Warp, mmoja mmoja, kwa mkono mwepesi.

5. Mambo ya kumwambia mpiga picha kabla hajaondoka.

Rudi nyuma utumie mm 50 kama nafasi ipo. Shika kamera usawa wa kifua, bila kuinamisha, anga la ziada litakatwa baadaye. Acha upana wa mtu mmoja mtupu kila upande. Safu inyooke: ukiipinda kuizunguka kamera, wa pembeni wanakuwa warefu pia juu ya unene. Wembamba wakae mwisho, na usiwaambie kwa nini.

Na kwa picha ya mm 16 yenye watu hadi ukingoni, mwambieni mteja mapema. Mtu wa mwisho anahitaji kubanwa hadi karibu theluthi mbili ya upana, na hapo kitambaa, vidole na kila kilicho nyuma yake vinaonyesha. Mnaweza kumpunguza nusu ya safari, akae kati ya alivyo na alivyotoka, basi.