Kumpata Mlezi wa Kazi Ukiwa Mhasibu Mchanga Nairobi

Kila matokeo ya KASNEB yakitoka, simu yangu hupokea ujumbe wa namna moja: "Habari Madam, nimemaliza CPA, naomba uwe mlezi wangu wa kikazi." Wengi wanaoandika hivyo ni watu wazuri, lakini huwa sina la kuwajibu. Wananiomba ahadi ya miaka kabla sijajua wanafanya kazi gani au wamekwama wapi. Nikikubali sijui nimekubali nini, na nikikataa naonekana nina maringo. Basi ujumbe unakaa hapo bila jibu.

Nianze na nani wa kumwendea. Wageni hukimbilia mkurugenzi wa fedha wa kampuni kubwa au mshirika mkuu wa ofisi ya ukaguzi. Mtu huyo aliacha kulinganisha hesabu za benki kwa mkono wake zamani sana, na matatizo yako ya leo ameyasahau. Mtafute aliyekutangulia kwa miaka mitano hadi minane, ambaye kazi unayotarajia kuipata baada ya hii ameifanya juzi tu. Huwa yuko karibu kuliko unavyodhani: mkaguzi wa nje anayekuja ofisini kwenu kila mwaka na kukuomba faili, bosi wako wa zamani mliyeachana kwa amani, mwalimu wa darasa la jioni ambaye mchana ameajiriwa, au mtu uliyemsikia akiuliza swali la maana kwenye semina ya ICPAK. Bosi wako wa sasa anaweza kukufundisha mengi, lakini siku ukitaka kuhama hutakuwa na wa kumwuliza.

Halafu angalia kalenda. Mhasibu wa Nairobi anaishi kwa tarehe za KRA. Tarehe 9 ni PAYE na makato mengine ya mishahara, tarehe 20 ni VAT, na mwisho wa mwezi vitabu vinafungwa. Juni nzima ni marejesho ya mwaka, kwa sababu tarehe 30 ndiyo mwisho kwa watu binafsi na kwa kampuni zinazofunga hesabu Desemba. Ukiandika tarehe 19 usiku, ujumbe wako utazama hata kama ni mzuri. Andika kati ya tarehe 10 na 15, au 21 na 26, na utashangaa jinsi watu walewale wanavyojibu.

Sasa ujumbe wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliandikiwa na binti aliyekuwa akishughulikia wadaiwa katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi, Industrial Area. Aliandika hivi, kwa ufupi:

"Madam, habari ya jioni. Nilikuwa kwenye semina ulipouliza kuhusu eTIMS. Tuna mteja ambaye kila akilipa, ankara hubaki na salio dogo. Ankara ya 116,000 analipa 114,000. Nimepiga hesabu nikaona hiyo 2,000 ni asilimia 2 ya 100,000, yaani bei kabla ya VAT, kwa hivyo nafikiri yeye ni wakala wa kuzuia VAT. Aliyenitangulia alikuwa akifuta salio hizi kama punguzo la bei. Naona zingekaa kwenye vitabu kama pesa yetu iliyoko KRA. Niko sawa, au kuna kitu sijakiona?"

Hapo hakuna neno "mlezi", na mteja hakutajwa jina, jambo lililonionyesha kwamba siri za kazi anazijua. Swali limekuja na hesabu yake na jibu analolidhania. Nililijibu nikiwa kwenye matatu, kabla hatujafika Roysambu: uko sawa, lakini usirekebishe chochote kabla hujaingia iTax kutafuta vyeti vya VAT iliyozuiliwa, kwa maana bila cheti huwezi kuidai hiyo 2,000 kwenye marejesho ya VAT.

Wengi huishia hapo. Wanasema asante, kisha kimya mpaka shida nyingine itokee. Yeye alirudi baada ya wiki kama mbili. Vyeti vingi alivipata, ankara tatu hazikuwa navyo, na alipomfuatilia mteja ikagundulika kwamba karani wa kule alikuwa ameingiza PIN ya kampuni nyingine. Bosi wake alikuwa amekubali marekebisho yafanywe. Hakuwa ameomba kitu kipya, alikuwa akinieleza yaliyotokea tu. Mimi nilikuwa sijawahi kuona kosa hilo la PIN, nikaenda kuwakagua wateja wangu. Ripoti hiyo ndiyo iliyonifanya nimwambie tuonane, mchana, mkahawani Upper Hill. (Dada zangu, na hata kaka: mkutano wa kwanza uwe mahali pa wazi na mchana. Mlezi wa kweli hatakasirika. Na uende na pesa ya chai yako, hata kama mkubwa atalipa.)

Tangu hapo tumekuwa tukionana karibu mara nne kwa mwaka, na kila mara yeye ndiye hupanga. Siku mbili kabla hunitumia mistari michache: tuliyokubaliana mara iliyopita, alilolifanya, alilolishindwa, na jambo moja la leo. Ninaikumbuka kazi yake bila kujilazimisha kwa sababu ya mistari hiyo.

Maswali hubadilika, na yasipobadilika ujue uhusiano umesimama. Mwaka wa kwanza aliuliza kuhusu maingizo. Wa tatu alikuwa na barua mbili za kazi mkononi, moja yenye mshahara mzuri kwenye kampuni isiyokaguliwa, nyingine ya ofisi ya ukaguzi yenye mshahara mdogo. Siku hizi mara nyingi mimi ndiye ninayeuliza. Nilizoea mashine za ETR, yeye amekulia kwenye eTIMS, na tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS inaweza kukataliwa na KRA mtu akikokotoa kodi ya mapato. Yeye ndiye aliyenionyesha jinsi ya kuwabana wasambazaji wanaochelewesha ankara hizo.

Kuna mipaka miwili. Usimwombe mlezi akushuhudilie kazi ambayo hakuiona, hasa kwenye fomu ya kitaaluma, kwa sababu anayetia sahihi anaweka jina lake rehani. Na mlezi naye asikugeuze karani wa bure. Akikupa vitabu vya wateja wake uvimalize Jumamosi, mara moja ni mafunzo. Ikiwa kila mwezi, uliza malipo kwa adabu: "Madam, kazi hii naipenda, naomba tukubaliane malipo." Akinuna, umeshajua mlikuwa na uhusiano gani.

Linalowavunja wengi ni ushauri usiofuatwa. Yule binti nilimshauri aende ofisi ya ukaguzi, akachagua mshahara mzuri, kwani alikuwa na mdogo wake wa kulipia karo. Kabla ya kusaini alinipigia akanieleza sababu. Angenyamaza ningepata habari kwa watu, maana wahasibu wa mji huu wanajuana, na angeanza kunikwepa kwa aibu. Kwa kuwa aliniambia, mkutano uliofuata tulizungumza jinsi ya kuishi kwenye kampuni isiyokaguliwa: nakala zipi azitunze, na sahihi ipi asiitie.