Mchango wa pensheni umeongezeka 150, mshahara wa mkononi umepungua 105: pengo la 45 limetoka wapi?

SWALI: Habari za kazi. Mshahara wangu ghafi ni 3,000 kwa mwezi. Mwezi uliopita niliomba mchango wangu wa pensheni upandishwe kutoka asilimia 5 hadi asilimia 10. Nilipiga hesabu kwamba mkononi nitapungukiwa 150, lakini slipu inaonyesha nimepungukiwa 105 tu. Mhasibu anasema hesabu iko sahihi. Naomba mnieleweshe: hizo 45 zimetoka wapi? Na je, mwajiri akiniahidi mshahara, nitajuaje ni kiasi gani kitanifikia mfukoni?

JIBU: Mhasibu wako yuko sahihi. Hizo 45 ni kodi ambayo hukutozwa. Ili uione, usiangalie namba mbili tu, ya ghafi na ya mkononi. Kati yake ipo namba ya tatu ambayo watu wengi huipita kwenye slipu bila kuisoma: kipato kinachotozwa kodi.

Mshahara ghafi ni jumla ya unachokipata kabla ya kukatwa chochote, yaani mshahara wa msingi pamoja na posho, malipo ya saa za ziada na bonasi kama ipo. Mshahara wa mkononi, ambao wengine huuita mshahara halisi, ni kile kinachoingia benki baada ya makato yote. Kodi ya mapato haikokotolewi kwenye namba ya kwanza wala ya pili. Inakokotolewa kwenye ile ya katikati, ambayo kwa kawaida ni mshahara ghafi ukiondoa vile sheria inavyoruhusu viondolewe kwanza. Katika nchi nyingi, mchango wa pensheni kwa mfuko unaotambuliwa ni mojawapo ya hivyo. Mpangilio huo wa nani anakata kwanza ndio unaoleta tofauti uliyoiona.

Tuchukue jedwali la kodi la mfano, kwa sababu kila nchi ina lake. Tuseme 500 za kwanza hazitozwi kitu, 500 zinazofuata hutozwa asilimia 10, 1,000 zinazofuata asilimia 20, na kila kinachozidi 2,000 asilimia 30.

Ulipokuwa unachangia asilimia 5, pensheni ilichukua 150, na kipato kinachotozwa kodi kikabaki 2,850. Kodi yake tunaipata kwa kupanda ngazi moja baada ya nyingine: sifuri kwa 500 za kwanza, 50 kwa 500 za pili, 200 kwa 1,000 inayofuata, halafu asilimia 30 ya zile 850 zilizobaki, ambayo ni 255. Jumla ya kodi ni 505. Toa 150 na 505 kwenye 3,000, mkononi unabaki na 2,345.

Sasa unachangia asilimia 10, yaani 300. Kipato kinachotozwa kodi kimeshuka hadi 2,700. Ngazi tatu za chini hazijaguswa, bado zinatoa 250. Kilichobadilika ni ngazi ya juu tu: humo sasa zimo 700 badala ya 850, na asilimia 30 yake ni 210. Kodi yote ni 460, na mkononi unabaki na 2,240.

Mchango umeongezeka 150, kodi imepungua 45, na mkononi umepungukiwa 105. Hiyo 45 ni asilimia 30 ya 150, yaani kiwango cha ngazi ya juu kabisa ambayo kipato chako kimefika. Mtu ambaye kipato chake kinaishia kwenye ngazi ya asilimia 20 angeokoa 30 tu kwa mchango uleule, na aliye chini ya 500 asingeokoa kitu, maana hana kodi ya kupunguziwa. Kuna hali moja ya kuangalia: kama nyongeza ya mchango inakuvusha mpaka wa ngazi, kila kipande kihesabu kwa kiwango chake. Mwenye kipato kinachotozwa kodi cha 2,050 akiongeza mchango wa 150, zile 50 za mwanzo zitamwokolea 15 na 100 zilizobaki zitamwokolea 20. Jumla ni 35, si 45.

Hapa pia ndipo inapoanguka ile imani kwamba ukipandishwa mshahara ukaingia ngazi mpya ya kodi utaambulia kidogo kuliko mwanzo. Kiwango cha juu hutozwa kwenye kile kilichozidi mpaka peke yake. Wewe uko kwenye ngazi ya asilimia 30, lakini kodi yako ya 460 ni kama asilimia 15 tu ya mshahara ghafi. Ukiongezwa 100 leo, 10 zitaenda pensheni, 90 zitaongezwa kwenye kipato kinachotozwa kodi, kodi itapanda 27, na 63 zitakufikia. Si nyingi, lakini hutarudi nyuma. Anayerudi nyuma kweli ni yule ambaye nyongeza inamwondolea kitu kingine, kwa mfano ruzuku au msamaha unaokoma ghafla kipato kikivuka kiwango fulani.

Sasa, usidhani kila kinachoitwa pensheni hukatwa kabla ya kodi. Nchini Kenya na Tanzania, mchango wa mfanyakazi kwa mfuko unaotambuliwa huondolewa kwanza, ingawa Kenya imeweka ukomo wa kiasi kinachoruhusiwa kwa mwezi. Nchini Marekani, mchango wa kawaida kwenye mpango wa pensheni wa kazini uitwao 401(k) hupunguza kodi ya mapato ya serikali kuu, lakini haupunguzi makato ya hifadhi ya jamii na ya bima ya afya ya wazee, ambayo bado hukokotolewa kwenye malipo kabla ya mchango huo kutolewa. Mchango wa 401(k) wa aina iitwayo Roth hukatwa baada ya kodi. Uingereza, katika baadhi ya mipango, mchango hutoka kwenye fedha iliyokwisha kutozwa kodi, kisha mfuko wenyewe hudai serikalini nafuu ya kodi ya kiwango cha msingi na kuiweka kwenye akaunti ya mwanachama. Huko nafuu ipo, ila huwezi kuiona kwenye slipu.

Kosa linalotokea mara nyingi ofisini ni mchango kuingizwa kwenye mfumo wa mishahara kama kato la baada ya kodi wakati sheria inauruhusu kabla. Slipu haitaonekana na kasoro yoyote, kwa sababu jumla zitakubaliana. Kwa mfano wetu, kodi ingekokotolewa kwenye 3,000 nzima, ikawa 550, na baada ya kutoa 300 za pensheni ungebaki na 2,150. Hapo ungekuwa umepoteza 90 kila mwezi, ambayo ni asilimia 30 ya 300. Kulitambua ni rahisi: tafuta mstari wa kipato kinachotozwa kodi. Ukikuta namba ileile ya mshahara ghafi huku mchango wa pensheni ukiwa umekatwa chini yake, peleka slipu kwa mhasibu. Kabla hujaenda, hakikisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba mfuko wako umetambuliwa na mamlaka ya kodi, maana usiotambuliwa haupati nafuu. La pili ni ukomo. Kama sheria ingeruhusu 200 tu kwa mwezi, mchango wako wa 300 ungepunguza kipato kinachotozwa kodi hadi 2,800 na si 2,700, kodi ingekuwa 490, na mkononi 2,210 ingekuwa namba sahihi kabisa.

Jambo jingine linalovuruga hesabu ni asilimia ya nini. Asilimia 10 ya mshahara ghafi na asilimia 10 ya mshahara wa msingi ni vitu viwili tofauti. Kama katika 3,000 zako 1,000 ni posho na mkataba wa mfuko unahesabu mshahara wa msingi peke yake, mchango ni 200, kodi ni 490, na mkononi ni 2,310. Utafurahia hizo 70 zaidi leo, ila kwenye mfuko wako wa pensheni zitakuwa zinaingia 100 pungufu kila mwezi. Waajiri wanaopenda kulipa posho kubwa na mshahara wa msingi mdogo wanajua hili vizuri, kwa sababu mchango wao nao unashuka.

Tukiwa hapo hapo kwa mwajiri: mchango wake kwa kawaida si sehemu ya mshahara wako ghafi na hautolewi humo. Slipu nyingi huuonyesha kwa taarifa tu. Ukijumlisha makato na kuuingiza na huo, utapata namba isiyolingana na iliyoingia benki na utadhani umeibiwa. Makato kama rejesho la mkopo, akiba ya chama cha ushirika au ada ya chama cha wafanyakazi hutoka mwishoni. Kwa kawaida hayapunguzi kodi hata senti moja: kato la 150 la mkopo linakupunguzia 150 kamili.

Kuhusu ahadi ya mwajiri, swali la kwanza kuuliza ni kama namba anayotaja ni ghafi au ya mkononi, na jibu liandikwe kwenye mkataba. Akitaja ghafi, pita njia tuliyopita hapo juu. Ikiwa wewe ndiye unayetaka kiasi fulani mkononi, hesabu inabidi igeuzwe, na hapa watu hukosea kwa kuongeza asilimia ya makato juu ya kiasi wanachotaka. Tuseme unataka 2,500 mkononi, ukichangia asilimia 10 ya ghafi bila ukomo. Kwa kuwa uko ngazi ya juu, kila 1 ya ghafi inakuachia 0.63, kwa sababu 0.10 inaenda pensheni na asilimia 30 ya 0.90 inayobaki, yaani 0.27, inaenda kodi. Lakini ngazi za chini hazikutozwa asilimia 30, na nafuu hiyo kwenye jedwali letu ni 350: zile 2,000 za kwanza zingetozwa 600 kwa kiwango cha juu, ila zinatozwa 250 tu. Kwa hiyo:

```
mkononi = 0.63 × ghafi + 350
ghafi   = (2,500 − 350) ÷ 0.63 = 3,412.70
```

Ihakiki kwa kushuka tena: pensheni 341.27, kipato kinachotozwa kodi 3,071.43, kodi 571.43, mkononi 2,500. Kwa jedwali la nchi yako, 0.63 na 350 zitabadilika, na kanuni hii inafaa tu kama jibu linaangukia kwenye ngazi uliyoanza nayo. Likiangukia ngazi nyingine, rudia kwa kiwango cha ngazi hiyo.

Kuhusu zile 45 zako, jua pia kwamba mara nyingi hazijafutwa, zimeahirishwa. Nchi nyingi zinazoruhusu mchango utoke kabla ya kodi hutoza kodi pensheni inapolipwa, na nyingine husamehe sehemu au yote. Kabla hujapandisha mchango tena, soma kanuni za mfuko wako zinasema nini kuhusu kodi siku ya kuchukua, na kama unaweza kuzigusa fedha hizo kabla ya umri wa kustaafu.