Piano ya boksi: pima kwanza, kata baadaye

Mpwa wangu ana miaka 8 na anaimba kwaya ya watoto hapa Moshi. Solfa anaisoma vizuri kuliko baadhi ya wazee wa sauti ya nne, nao wanajijua. Dada yangu alipompatia mwalimu wa piano, mwalimu alisema nafasi ipo mwezi unaofuata. Nyumbani hawana piano, na kinanda ninachopiga kanisani hakitoki nje ya kanisa. Dada akanitupia mzigo: "Kaka, huyu mtoto hanipi usingizi, mwanzishie chochote." Tukachukua boksi la friji tumchoree vibonye vya piano vya kujifunzia.

Wazazi wengi hupakua picha ya vibonye kwenye simu, wakaenda kuiprinti stesheneri. Hapo ndipo kazi inapoharibika. Kwenye piano halisi, kutoka C moja hadi inayofuata ni vibonye vyeupe 7, na upana wake kwa pamoja ni kama sentimita 16.5. Oktava mbili zinahitaji sentimita 33. Karatasi ya A4 ikilazwa ina sentimita 29.7 tu, na printa huacha ukingo, kwa hiyo picha inabanwa na kila oktava inabaki kama sentimita 14. Kwa vidole vitano vilivyokaa mahali pamoja mtoto hatasikia tofauti kubwa. Akianza kuutembeza mkono, kila kibonye atakachokitafuta kwenye piano halisi kitakuwa mbele kidogo ya pale vidole vilipozoea.

Kwa hiyo chora mwenyewe. Ugumu ni kwamba 16.5 ukiigawa kwa 7 unapata milimita 23 na nusu na chenji, na ukipima kibonye kimoja kimoja makosa madogo yanajumlishana. Mafundi seremala wana njia rahisi. Chora mistari miwili ya wima iliyoachana sentimita 16.5, yenye urefu wa sentimita 15, ambao ndio urefu wa kibonye cheupe. Laza rula kwa mshazari, sifuri iguse mstari wa kushoto na 21 iguse wa kulia. Tia alama kila sentimita 3, kisha pitisha mstari wa wima kwenye kila alama. Hapo una vibonye 7 vilivyo sawa bila kugusa kikokotoo. Rudia upande wa kulia upate oktava ya pili, na mwishoni ongeza kibonye kimoja ili C ya juu iwepo.

Vibonye vyeusi tulivikata kwenye ndala kuukuu. Wengi huvipaka rangi tu, lakini mimi nasisitiza viinuke, kwa sababu mpiga piano huvitambua kwa kuvigusa. Kwenye piano vinapanda zaidi kidogo ya sentimita 1 juu ya vyeupe, na soli ya ndala ambayo haijaisha sana inakaribia hapo. Kata vipande vya upana wa kama sentimita 1 na urefu wa 9.5, uvibandike kuanzia nyuma ili mbele ibaki nafasi ya vyeupe. Vinakaa viwili, halafu vitatu, na usivipange vyote katikati ya mistari. Katika kundi la viwili, cha kushoto kinasogea kidogo kushoto na cha kulia kinasogea kulia. Katika kundi la vitatu, cha kati tu ndicho hukaa katikati.

Boksi ni bubu, kwa hiyo mtoto lazima aimbe. Hili ndilo sharti nililompa mpwa wangu: kidole hakigusi kibonye kabla hajaitoa sauti yake. Kidole gumba kwenye C, "do", cha shahada "re", hadi kidole kidogo kwenye "so". Akishazoea, afumbe macho na kuitafuta C kwa kupapasa: ipo kushoto kabisa mwa ndala mbili. Kisha afanye skeli nzima kwa mkono wa kulia. Vidole huhesabiwa 1 hadi 5 kuanzia gumba, na mpangilio ni 1, 2, 3, halafu gumba linapita chini ya kiganja kwenda "fa", na kuendelea 2, 3, 4, 5. Tazama kiwiko chake wakati gumba linapita. Kikiruka nje kama bawa la kuku, mkono umekaza, mpunguzie mwendo.

Mezani napo pana mambo yake. Boksi halibonyei, kwa hiyo mtoto huligandamiza. Utajua kwa kuangalia kucha: zikigeuka nyeupe na kiungo cha mwisho cha kidole kikapinda ndani, anatumia nguvu isiyo na kazi. Tatizo la pili ni kutoinua kidole. Kwenye piano, kidole kilichosahaulika huacha sauti ya zamani ikiendelea juu ya ile mpya. Mimi nilikuwa naweka kipande cha karatasi chini ya kidole chake, anapohamia sauti ya pili nakivuta. Kikitoka bila kukwama, kidole kimeinuka. Kikikwama, yeye mwenyewe anacheka na kurudia. Meza za chakula huwa ndefu kwa mtoto wa umri huo, basi mpandishe kwa mto mgumu hadi kiwiko kiwe sawa na boksi, na miguu uiwekee kitu cha kukanyaga. Dakika 10 kwa siku zinatosha kabisa.

Siku ya somo nilimsindikiza. Alipomaliza "Shikamoo, mwalimu", akaonyeshwa kiti. Vibonye 88 badala ya 25 vilimshangaza kidogo, lakini akapapasa, akapata vyeusi viwili vya katikati, akashusha gumba kwenye C. Kimya. Akanigeukia: "Mjomba, mbovu?"

Haikuwa mbovu. Ndani ya piano kibonye hurusha nyundo kuelekea kwenye waya, na nyundo inatakiwa kumalizia safari yake peke yake. Ukikishusha polepole mno, kinafika chini, kama sentimita 1, na nyundo haijagusa kitu. Boksi halina namna ya kumfundisha mtoto jambo hilo, wala kupiga kwa upole na kwa nguvu. Sehemu kubwa ya somo lile ilikwisha hapo, kwenye sauti moja, laini, kubwa, laini tena.

Kilichomsaidia zaidi kilikuja baadaye. Mwalimu alimwambia ahamishe "do" kwenda G. Watoto wengi walioandikiwa do, re, mi juu ya vibonye hukwama hapo, maana wameshaamini C ndiyo do ya siku zote. Mwanakwaya anajua do huhama kila wimbo unapobadilisha ufunguo. Aliimba akipanda, alipofika "ti" kibonye cheupe kikamkataa masikioni, akajaribu cheusi cha kulia kwake, F kali, ikakubali. Kwa hiyo kwenye boksi andika herufi C, D, E ukitaka, lakini solfa iache mdomoni.

Boksi bado analitumia kati ya somo na somo, kwa vidole na skeli tu. Nyimbo zenyewe tunamtafutia kinanda. Na ukiazima kinanda, nenda na rula: vingi vya kanisani vina vibonye 61 vya upana wa kawaida, lakini vile vidogo vya madukani mara nyingi vina vibonye vyembamba. Oktava ikipungua sana chini ya 16.5, bora arudi kwenye boksi.